Prednisoloni ilimsaidia jirani, mama yangu haikumsaidia: maswali kuhusu kinga inayobomoa damu

Swali: Jambo munganga. Mama yangu ana miaka 62, anauza samaki wa barafu sokoni hapa Katuba. Tangu mwezi wa sita vidole vyake vinakuwa bluu asubuhi, macho ni manjano, na mkojo kama chai kali. Walitibu malaria mara mbili. Kisha akapewa prednisoloni wiki tatu, damu haipandi. Jirani yetu alikuwa na ugonjwa huohuo na prednisoloni ilimsaidia. Kwa nini mama haimsaidii?

Jibu: Kwa sababu, kwa dalili ulizoandika, inaonekana jirani na mama hawana ugonjwa mmoja, hata kama kwenye karatasi zote mbili wameandika kwamba kinga ya mwili inabomoa seli nyekundu. Ugonjwa huo una sura mbili kubwa, ya joto na ya baridi, na dawa inayofaa moja mara nyingi haifai nyingine.

Ya joto ndiyo inayoonekana zaidi. Mwili unatengeneza kingamwili za aina ya IgG, ambazo zinashika seli nyekundu vizuri kwenye nyuzi 37, yaani joto la kawaida la mwili, saa zote, popote damu ilipo. Seli iliyoshikwa ikipita kwenye bandama, walinzi wa pale wanaitambua na kuing'ata kipande cha ngozi yake. Inayobaki inajikunja kuwa kadonge ka mviringo, na safari inayofuata haipiti tena. Prednisoloni inawatuliza walinzi hao, halafu polepole inapunguza utengenezaji wa kingamwili zenyewe. Ndiyo maana jirani alipata nafuu.

Ya baridi inafanya kazi kwa njia nyingine. Kingamwili ni za IgM, kubwa, zenye mikono mingi, na zinapenda baridi. Damu ya mama ikifika kwenye vidole vilivyoshika samaki wa barafu, au kwenye pua na masikio alfajiri ya mwezi wa saba, inapoa. Hapo IgM inazishika seli na kuzifunga pamoja mafungu mafungu, mshipa mdogo unaziba, kidole kinakuwa bluu. Wakati huohuo IgM inaita protini za damu zinazoitwa komplementi na kuzibandika juu ya seli. Damu ikirudi kifuani inapata joto, IgM inaachia, seli zinatawanyika. Lakini komplementi inabaki imebandikwa, na ini linazikamata seli zenye alama hiyo. Prednisoloni haina nguvu ya maana juu ya mtiririko huu. Wachache tu wanapata nafuu nayo, tena kwa dozi kubwa ambazo mtu hawezi kuzimeza miezi mingi bila kuharibika sukari, presha na mifupa.

Swali: Labo ya kwanza imeandika kundi lake ni AB chanya. Kadi yake ya zamani ya uzazi inasema O chanya. Je, kundi la damu linaweza kubadilika?

Jibu: Kwake halikubadilika. Na swali hili ndilo lingenifanya nisimame kabla ya lingine lote.

Kupima kundi kwenye kigae, fundi anachanganya tone la damu na dawa ya A, kisha na dawa ya B, kisha na dawa ya Rh inayoonyesha chanya au hasi, na kuangalia wapi seli zinashikana. Lubumbashi iko juu, karibu mita 1,200, na asubuhi za msimu wa baridi chumba cha labo kinaweza kuwa kibaridi kweli. Damu yenye IgM ya baridi inashikana yenyewe, hata bila dawa. Fundi anaona mafungu kwenye A, mafungu kwenye B, mafungu kwenye Rh, anaandika AB chanya. Mtu wa O akitiwa damu ya AB anaweza kufa siku hiyohiyo.

Dawa ya kosa hili haina gharama. Fundi aweke tone la damu pamoja na maji ya chumvi tu, bila dawa yoyote. Likishikana, matokeo yote ya kigae hayana maana. Halafu apime upande wa pili, yaani majimaji ya damu ya mgonjwa dhidi ya seli zinazojulikana za A, B na O. Kama hata seli za O zinashikana, ajue ana tatizo la baridi mkononi. Chupa ichukuliwe upya ikiwa na joto, seli zioshwe kwa maji ya chumvi ya nyuzi 37, na kundi lipimwe tena.

Kuchukua damu yenye joto kunawezekana hata kwenye kituo kidogo. Termosi yenye maji ya nyuzi 37, yaliyopimwa kwa kipimajoto, si kwa kiwiko. Chupa inakaa humo kabla ya kuchomwa sindano, inarudi humo mara moja baada ya kujazwa, na haitoki mpaka mezani kwa fundi. Chupa ya ugonjwa huu isiwekwe kamwe kwenye friji.

Swali: Kwenye karatasi ya mashine kuna namba imewekewa alama nyekundu, MCHC 60. Mtu wa kaunta alisema mashine imeharibika.

Jibu: Mashine inaweza kuwa nzima. MCHC ni kipimo cha hemoglobini iliyojaa ndani ya seli, na kawaida yake ni kama 32 hadi 36. Sitini haiwezekani, seli isingeweza kubeba kiasi hicho.

Tazama namba zake pamoja. Hemoglobini 6.8, seli nyekundu milioni 0.9 tu, na kila seli inaonekana kubwa mno, MCV 125. Mashine imehesabu mafungu: seli tatu zilizoshikana imeziona kama seli moja kubwa. Hemoglobini haidanganyiki kwa sababu seli zinapasuliwa kwanza ndipo inapimwa. Karatasi ya pili, ambayo chupa ilikaa kwenye maji ya nyuzi 37 kwa nusu saa kabla ya kupimwa, inasema hemoglobini ileile 6.8, seli milioni 2.2, MCV 94, MCHC 33. Tofauti kati ya karatasi hizo mbili karibu inatosha kutaja ugonjwa.

Swali: Kipimo gani sasa kinathibitisha ni ya joto au ya baridi?

Jibu: Kipimo cha Coombs cha moja kwa moja, kinachoonyesha kama seli nyekundu zimebandikwa kingamwili au komplementi, na kingali kinatumika kila siku. Lakini "Coombs chanya" peke yake haitoshi, na hapa ndipo karatasi nyingi zinaishia. Omba waseme chanya kwa nini. IgG chanya, pamoja na C3d, yaani kipande cha komplementi kilichobaki juu ya seli, au bila C3d, inaelekea kwenye ya joto. C3d chanya huku IgG ikiwa hasi inaelekea kwenye ya baridi, kwa sababu IgM imeshaachia na kuacha komplementi nyuma. Kisha kwa ya baridi wanapima wingi wa kingamwili kwenye nyuzi 4. Kufikia 1:64 au zaidi, yaani majimaji ya damu yakizimuliwa mara 64 bado yanashikanisha seli, kunahesabika. Ya mama, kwa karatasi uliyotuma, ni C3d chanya, IgG hasi, na 1:512. Hapo shaka yangu imekwisha.

Swali: Ametoa wapi ugonjwa huu?

Jibu: Kwa kijana ningeuliza kwanza kuhusu kikohozi. Nimonia ya mikoplasma, au virusi vya Epstein-Barr, vinaweza kuamsha IgM ya baridi, nayo kwa kawaida inaisha yenyewe ndani ya wiki chache. Kwa mtu wa umri wa mama, ukiendelea, mara nyingi kuna kikundi kidogo cha seli B, seli za kinga zinazotoa kingamwili, kwenye uboho kinachozaliana polepole na kutoa IgM ileile kila siku. Kwa hiyo atafutiwe pia limfoma, yaani saratani ya seli za kinga. Barafu haikuleta ugonjwa, inauchochea tu.

Ya joto ina vyanzo vyake: lupasi, hasa kwa wanawake vijana, leukemia ya limfositi ya muda mrefu, limfoma, VVU, na mara nyingi chanzo hakionekani. Dawa nazo zinaweza. Metildopa ya presha, ambayo wajawazito wetu wengi wanapewa, ni mfano wa siku nyingi. Seftriaksoni, ile sindano inayochomwa kwa kila homa, mara chache inasababisha kubomoka kwa damu kwa ghafla na kwa ukali, zaidi kwa watoto wenye SS waliowahi kuipata. Mkojo ukiwa mweusi baada ya sindano hiyo, isichomwe tena.

Swali: Basi atibiwe nini?

Jibu: Kwanza ajikinge na baridi, na kwake hii ni tiba kamili: glavu, soksi, kofia inayofunika masikio, maji ya vuguvugu ya kuosha mikono, kutokunywa vitu vya baridi. Mwingine ashike barafu na samaki, yeye akae kwenye pesa. Aongezewe asidi ya foliki, kwa kuwa uboho unaotengeneza damu kwa haraka unaimaliza. Prednisoloni ipunguzwe na daktari hatua kwa hatua, asiikate ghafla baada ya wiki tatu.

Kwa hemoglobini ya 6.8 na dalili, dawa inayolenga chanzo ni rituksimabu, miligramu 375 kwa kila mita ya mraba ya mwili, mara moja kwa wiki, wiki nne. Karibu nusu ya wagonjwa wanapata nafuu, mara nyingi si ya kudumu. Kabla ya hapo lazima apimwe hepatitisi B, maana rituksimabu inaweza kuviamsha virusi vilivyolala na kuliharibu ini. Bei ni kubwa, sitaficha. Kuna dawa mpya, sutimlimabu, iliyokubaliwa Marekani mwaka 2022. Inazuia komplementi, lakini vidole haiviponyi, kwa sababu mafungu yanaendelea kutengenezwa.

Kutolewa bandama kusifikiriwe kwake: seli zake zinaliwa zaidi na ini. Kwa wa joto aliyeshindwa na prednisoloni na rituksimabu, upasuaji huo una nafasi yake. Mgonjwa wa joto anaanza na miligramu 1 ya prednisoloni kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Wengi, kama saba au wanane kati ya kumi, damu inapanda ndani ya wiki tatu, kisha dozi inashushwa kwa miezi.

Swali: Wakisema anahitaji kutiwa damu, tukubali?

Jibu: Akihema kwa shida, moyo ukimwenda mbio, akichanganyikiwa au kifua kikimuuma, mkubali, baada ya kundi kupimwa tena kwa joto. Chumba kiwe na joto, mkono unaopokea damu ufunikwe blanketi, na damu ipite kwenye kifaa maalumu cha kuipasha. Mfuko usitumbukizwe kwenye ndoo ya maji moto wala kuwekwa karibu na jiko, seli zikipita nyuzi 42 zinaanza kupasuka kabla hata hazijamfikia.

Kwa wa joto shida ni nyingine: damu ya kila mtu inaonekana haipatani na yake, kwa kuwa IgG yake inashika seli za wote. Labo inatafuta kingamwili zilizojificha chini yake, hasa kwa mwanamke aliyezaa au aliyewahi kutiwa damu, kisha inatoa mfuko mmoja, polepole, huku muuguzi akikaa karibu. Kumnyima mtu anayekaribia kufa kwa sababu tu "hakuna damu inayopatana" ni kosa.

Na siku mama akipangiwa upasuaji wowote, hata wa jicho, mweleze mtu wa usingizi mapema. Vyumba vya upasuaji vina baridi, na maji ya dripu pia.