Kombora la vifaru halifuati kila moto

“Kombora la kupiga vifaru hufuata joto. Washa moto kando, litageukia huko. Tuma kwa makundi yote.”

Ujumbe huu umerudi tena kwenye kundi letu la mtaa hapa Kondele, Kisumu, pamoja na video ya kombora lenye nuru mkiani. Nuru hiyo ndiyo inayowachanganya wengi.

Chukua TOW, kombora la Marekani la kupiga vifaru lililoanza kutumika 1970. Kombora lenyewe halioni kitu. Mpigaji huweka alama ya darubini juu ya kifaru na kuishikilia hapo. Mtambo wa kufyatulia hutazama nuru ya mkiani, hupima kombora limepotoka kiasi gani, kisha hutuma amri kupitia waya mwembamba unaofunguka nyuma yake kama mshipi wa mvuvi wa Dunga. Kufika mita 3,750 huchukua kama sekunde 20, na mpigaji habanduki. Waya ukikatika, amri hazifiki tena.

Kombora la Kirusi la Kornet hupanda mwali wa leza unaoelekezwa na mpigaji, na vihisio vya mkiani husoma lilipo ndani ya mwali huo. Kombora la Javelin ndilo hutumia infraredi kutafuta, lakini hufuata picha ya joto ya shabaha iliyochaguliwa kabla ya kufyatua.

Ukipata video iliyopigwa kupitia darubini, tazama alama: ikishikiliwa juu ya shabaha hadi mlipuko, mtu ndiye anayeongoza.

Tafadhali, ndugu zangu, msiusambaze. Aliye kwenye vita akiuamini, atabaki akiwasha moto badala ya kukimbia.