Kuipanga upya barua iliyochapwa: anwani, kumbukumbu namba na tarehe

Katika kazi yangu ya ukatibu muhtasi napokea mara kwa mara barua ambazo maneno yake ni mazuri, lakini mpangilio wake unamlazimisha mpokeaji kusoma aya nzima kabla ya kujua imetoka wapi na inajibu nini. Nitachukua mfano wa duka la vifaa vya ofisi linaloijibu hospitali ya wilaya. Barua ilianza hivi: “Sisi wa duka la vifaa tumepata barua yenu HW/UN/12/45 ya tarehe 4 mwezi huu kuhusu karatasi, na tunapenda kuwajulisha kwamba…” Taarifa karibu zote zinazohitajika zimo, ila zimezama ndani ya sentensi. Kazi ya kwanza ni kuzitoa humo na kuzipa mistari yake juu ya barua.

Kabla ya kupanga chochote, fungua barua katika Word na ubonyeze Ctrl+Shift+8 ili alama zilizofichika zionekane. Ukiona msururu mrefu wa vitone kabla ya anwani au tarehe, ujue mchapaji aliisukuma kwa kubonyeza nafasi mara nyingi. Kwenye skrini yake ilikaa vizuri, lakini ukibadilisha aina au ukubwa wa herufi, mistari hiyo inapinda. Futa vitone hivyo vyote, kisha teua barua nzima na ubonyeze Ctrl+Q, ili aya zirudi katika hali yake ya kawaida.

Anwani ya mwandishi hukaa juu upande wa kulia, lakini usiielekeze kulia kwa Ctrl+R, kwa sababu mianzo ya mistari yake itatofautiana. Kwenye karatasi ya A4 yenye pambizo za sentimita 2.5 kila upande, maandishi yana upana wa sentimita 16. Iteue anwani, ingia Paragraph, weka Left kuwa sentimita 10 na After kuwa 0, na mistari yote itaanzia sehemu moja.

Chini yake huja mstari ambao mimi huuangalia kwa makini kuliko mingine yote: kumbukumbu namba kushoto, tarehe kulia. Weka kituo cha tabo cha aina ya Right kwenye sentimita 16, chapa kumbukumbu namba, bonyeza Tab mara moja, kisha chapa tarehe.

```
Kumb. Na. yetu: DVO/MZ/31/07        14 Machi, 2024
Kumb. Na. yako: HW/UN/12/45

Meneja wa Ununuzi,
Hospitali ya Wilaya,
S.L.P. ...

YAH: UPATIKANAJI WA KARATASI ZA A4
```

Katika mfano huu, DVO ni kifupi cha duka, MZ ni mauzo, 31 ni namba ya jalada, na 07 ni folio, yaani nafasi ya barua hii ndani ya jalada hilo. Namba hiyo haibuniwi wakati wa kuchapa, bali hutoka kwenye jalada lenyewe, na barua mbili tofauti hazipaswi kuwa na folio moja. Mstari wa pili ndio unaoiwezesha masjala ya hospitali kuipeleka barua kwenye jalada lililozaa swali, kwa hiyo nakili namba yao herufi kwa herufi, pamoja na mikwaju yake.

Tarehe nayo ina mtego wake. Wengi huiweka kwa Alt+Shift+D, na Word huingiza tarehe inayojibadilisha. Barua ikifunguliwa tena mwezi Juni ili kuchapishwa nakala, itasomeka Juni, ilhali iliyoko kwa mpokeaji inasomeka Machi, na mkizozana kuhusu siku mliyotoa bei, nakala yenu haitawasaidia. Bofya juu ya tarehe: ikipata kivuli cha kijivu, iteue na ubonyeze Ctrl+Shift+F9 ili iwe maandishi ya kawaida, kisha hakikisha inaonyesha siku ambayo barua inatoka kweli.

Baada ya hapo aya ya kwanza inapungua yenyewe: “Tafadhali rejea barua yako ya tarehe 4 Machi, 2024, yenye kumbukumbu namba iliyotajwa hapo juu.” Sahihi, jina na cheo hukaa mwisho, kisha mstari wa Nakala iwapo kuna mwingine anayepelekewa.

Ili kupima kazi yako, ongeza herufi tatu kwenye kumbukumbu namba yenu. Tarehe ikibaki palepale, kituo cha tabo kinafanya kazi na unaweza kuzifuta. Ikisogea, bado kuna vitone ulivyoviacha mahali fulani kwenye mstari huo.