Kibodi ya Kiarabu imeng'ang'ania? Usikimbilie kuflashi

Mama mdogo wangu, yule anayeuza zabibu pale Majengo, aliletewa simu toka Omani, menyu Kiarabu, kibodi Kiarabu. Kijana mmoja mtaani akamwambia hiyo mpaka iflashiwe, elfu kumi. Bahati nzuri alinipigia kabla hajatoa hela.

Wanasema lazima iflashiwe au irisetiwe. Sio kweli. Kuriseti kunafuta picha na namba ulizosevu ndani, na kama hukumbuki paswedi ya akaunti ya Google iliyokuwemo, simu inaweza kukugomea kabisa ukianza kuiwasha upya. Kibodi ya Kiingereza haijapotea, ni vile tu haijawekwa kwenye orodha.

Jingine, eti ukirudisha menyu Kiingereza na kibodi inarudi yenyewe. Wakati mwingine ndio, lakini hivi ni vitu viwili, unaweza kuacha menyu Kiarabu ukaandika Kiswahili. Kwa mama mdogo nilianza na menyu ili nisome tu: setingi, shuka mpaka karibu na mwisho, kwenye simu nyingi hapo ndo kuna sehemu ya mfumo, ndani yake unatafuta alama ya dunia. Kwenye orodha ya lugha za simu kila lugha imeandikwa kwa jina lake yenyewe, kwa hiyo English na Kiswahili utaziona hata kama hujui herufi moja ya Kiarabu. Ila usishangae, kwenye Kiarabu kila kitu kimegeuka, mshale wa kurudi nyuma uko kulia, nilihangaika nao dakika nzima kama mjinga.

Baada ya hapo kibodi ikabaki Kiarabu vilevile. Simu yake inatumia Gboard, ile kibodi ya Google, hivyo nikafungua meseji, nikashikilia kitufe cha mkato mpaka ikatokea gia, nikaburuta kidole kwenye hiyo gia. Setingi za kibodi zikafunguka, cha kwanza kabisa juu ni Languages. Ukiingia kuna Add keyboard chini, unachagua English, unaacha mpangilio wa herufi wa QWERTY, unamaliza na Done. Watu wengi wanatoka bila kubonyeza Done halafu wanasema haikubali.

Kujua kama imeingia, shikilia spesi. Ikileta orodha yenye Kiarabu na English, chagua unayotaka, umemaliza. Isipoleta English, rudi kwenye Languages, hukumaliza hatua.

Na hii ya kusema bila kibodi ya Kiswahili huwezi kuandika Kiswahili, hapana jamani. Herufi zetu zote zimo kwenye QWERTY ya Kiingereza, hata ng' unaweka tu alama yake. Tofauti iko kwenye kusahihisha, unaandika "sasa" inakugeuzia neno la Kizungu. Ndo maana nilimwongezea na Kiswahili, Kiarabu nikakiacha humohumo maana shemeji wa Omani anamtumia meseji za Kiarabu.