Ratiba ya mradi wa muhula ni nini, na inapangwaje kwa darasa la wanafunzi 40

Ratiba ya mradi wa muhula ni mpango wa wiki kwa wiki unaolichukua darasa tangu siku ya kuchagua mada hadi siku ya kuwasilisha matokeo mbele ya wenzao. Kinachoitofautisha na orodha ya tarehe ni kwamba kila hatua inaishia kwenye kitu kinachokabidhiwa kwa mwalimu: karatasi ya mada, swali lililopitishwa, fomu ya kurekodia, daftari lenye vipimo, rasimu ya ripoti. Hatua isiyo na cha kukabidhi haina mwisho unaojulikana. Kwa wanafunzi 8 mwalimu anaweza kuzunguka na kujua nani amekwama. Kwa wanafunzi 40 hawezi, na kundi lililokaa kimya nyuma ya darasa linaweza kumaliza mwezi mzima bila kuanza kazi.

Ratiba hii hupangwa kuanzia mwisho kwenda mwanzo. Tuseme muhula una wiki 12, somo lina vipindi 2 kwa wiki, na kila kipindi ni dakika 40. Kila uwasilishaji unahitaji dakika 8 za kuzungumza, 3 za maswali na 1 ya kupishana, jumla dakika 12. Kwa hiyo kipindi kimoja kinabeba mawasilisho 3 na kubakiza dakika 4. Sasa piga hesabu. Kila mwanafunzi akifanya mradi wake peke yake, mawasilisho 40 yatakula vipindi 14, yaani wiki 7 nzima. Wakifanya kazi wawiliwawili, yatakuwa mawasilisho 20 kwenye vipindi 7. Wakigawanywa katika makundi 10 ya watu 4, vipindi 4 vinatosha: 3, 3, 3, na kundi 1 siku ya mwisho. Kipindi hicho cha mwisho kina nafasi iliyobaki, nayo ni ya kundi litakalokosa siku yake kwa ugonjwa au umeme kukatika. Ndiyo maana kwa darasa la ukubwa huu makundi ya wanne ndiyo yanayoingia kwenye muhula. Makundi ya watu sita yangepunguza mawasilisho zaidi, lakini katika watu sita wawili huwa hawana kazi.

Wiki ya 12 ni ya mitihani, kwa hiyo mawasilisho yanakaa wiki ya 10 na ya 11. Kabla yake iwekwe wiki ya 9 kwa ajili ya kurekebisha rasimu na kufanya mazoezi. Rasimu zinaandikwa wiki ya 8. Hapo ndipo pana ugumu ambao ratiba nyingi haziuoni: muda wa mwalimu wa kusoma. Rasimu 10, kila moja dakika 20 za kusoma na kuandika maoni, ni zaidi ya saa 3 za kazi nje ya vipindi. Zote zikifika Ijumaa jioni, maoni yatarudi yamechelewa au yatakuwa ya juujuu, na kundi litapanda mbele ya darasa na makosa yaleyale. Dawa yake ni kupishanisha tarehe: makundi 5 yakabidhi Jumatano na mengine 5 Ijumaa, na wote wajue tangu wiki ya 2, makundi yanapoundwa, wako upande gani.

Turudi mwanzoni. Wiki ya 1 mwalimu anaeleza kazi na kutoa ratiba yenyewe ikiwa imeandikwa. Wiki ya 2 ni ya kuchagua mada, na hapa busara ni kutotangulia kuunda makundi. Kila mwanafunzi aandike kwenye kikaratasi mada 3 anazozipenda, kwa mpangilio. Mwalimu anazipanga mezani kwa mafungu. Karibu kila mara fungu moja litavutia watu wengi, labda 12. Fungu hilo lisivunjwe kwa kuwapeleka watu kwenye mada wasizozitaka. Ligawanywe kuwa makundi 3, kila moja na swali lake. Wachache waliobaki bila fungu wanapewa chaguo lao la pili. Mwanafunzi aliyeingia kundini kwa sababu ya mada hufanya kazi tofauti na yule aliyeingia kwa sababu rafiki yake yumo, na hilo linaonekana wazi ifikapo wiki ya 6.

Wiki ya 3 ndiyo ngumu kuliko zote kwa macho yangu, kwa sababu ndiyo inayogeuza mada kuwa swali. Tuchukue kundi moja lililochagua “uhaba wa maji”. Hiyo ni mada, na haina mwisho; kundi likiachwa nayo litanakili kurasa za vitabu na kuziita utafiti. Mwalimu anawauliza mambo matatu. Je, data mnaweza kuipata wenyewe ndani ya wiki 2, bila ruhusa ya mtu asiyefikika? Je, jibu litatokana na kuhesabu, kupima au kutazama? Je, jibu hamlijui tayari? Baada ya kurudishwa mara mbili wanakuja na hili: mabomba ya shule yanayovuja yanapoteza maji kiasi gani kwa siku? Hilo linapita. Swali lisilopita siku ya kwanza si tatizo, mradi kila kundi liwe na swali lenye sahihi ya mwalimu kabla wiki ya 3 haijaisha. Ratiba ikiruhusu kubadilisha mada baada ya hapo, wapo watakaobadilisha hadi wiki ya 7.

Wiki ya 4 ni ya kutengeneza zana ya kukusanyia data na kuijaribu. Walimu wengi huiruka hatua ya kujaribu ili kuokoa muda, na ni hasara. Kundi letu la mabomba liliamua kuweka kikombe chini ya bomba na kuhesabu dakika hadi kijae. Siku ya jaribio wawili walipima bomba moja asubuhi, wakapata dakika 25. Wawili wengine wakapima bomba lilelile mchana, wakapata dakika 35. Wakaanza kubishana kama maji hupungua kasi mchana, mpaka mmoja wao akaviweka vikombe pamoja: kimoja kilikuwa cha mililita 250, kingine cha mililita 350. Bomba lilikuwa likitoa mililita 10 kwa dakika nyakati zote mbili, karibu lita 14 kwa siku. Kosa kama hilo likigunduliwa wiki ya 4 linagharimu alasiri moja. Likigunduliwa wiki ya 8, vipimo vyote vimeharibika na hakuna muda wa kupima upya. Kutokana na jaribio hilo wakaongeza safu mbili kwenye fomu yao: ujazo wa chombo, na saa ya kupima. Wakakubaliana pia kila bomba lipimwe siku 3 tofauti, kwa kuwa mvujo hutegemea aliyelifunga mara ya mwisho amelikaza vipi.

Wiki ya 5 na ya 6 ni za kukusanya data. Vipindi vya darasani wiki hizi havifundishwi; vinatumika kukagua. Mwalimu anakutana na makundi 5 kila kipindi, dakika 7 kwa kila moja, hivyo kila kundi linaonwa mara moja kwa wiki. Asiulize “mnaendeleaje”, maana jibu ni “vizuri” daima. Aseme “nionyesheni daftari”. Daftari la kundi linalofanya kazi huwa na tarehe zinazopishana, mwandiko wa zaidi ya mtu mmoja, namba zisizolingana vizuri na hata mahali palipokatwa. Daftari lenye kalamu moja, mwandiko mmoja na namba zinazofuatana kwa unadhifu huenda limejazwa jana usiku. Kundi la namna hiyo liombwe kupima mara moja mwalimu akiwa amesimama hapo. Ukweli utajulikana bila kumshutumu mtu.

Wiki ya 7 iachwe kuwa akiba. Waliomaliza wanaanza kuchambua, waliokwama wanamalizia. Nimeona ratiba zinazoweka akiba mwishoni kabisa, baada ya mawasilisho, ambako haimsaidii mtu yeyote. Ucheleweshaji hutokea kwenye kukusanya data, kwa hiyo nafasi ya kuvuta pumzi iwe papo hapo baada yake. Muhula pia una siku za mapumziko na michezo ambazo kalenda haikuzitaja, na wiki hii ndiyo inayozimeza.

Rasimu ya wiki ya 8 iwe fupi, kurasa 3 au 4: swali, jinsi walivyofanya, walichopata, na wasichoweza kukisema kutokana na data yao. Kila sehemu iandikwe na mwanafunzi mmoja na jina lake liwe juu yake, ili alama za mtu binafsi ziwe na msingi. Wiki ya 9 kipindi cha kwanza ni cha kurekebisha kwa kufuata maoni. Cha pili ni mazoezi: makundi yanakaa mawilimawili, kila moja likiwasilisha kwa jirani yake kwa saa ya mkononi. Karibu makundi yote hupitiliza dakika 8 mara ya kwanza, kwa kawaida kwa sababu dakika nyingi zimeishia kwenye utangulizi.

Mpangilio wa kuwasilisha uamuliwe kwa kura, na vifaa vya makundi yote 10, bango au picha za kuonyesha, vikabidhiwe siku moja kabla ya uwasilishaji wa kwanza. Bila sharti hilo, kundi la mwisho linapata karibu wiki mbili za ziada ambazo la kwanza halikupata. Wanafunzi 36 wanaosikiliza nao wana kazi: kila kundi linapangiwa kundi jingine la kulihoji, na linakuja na maswali 2 yaliyoandikwa. Mwalimu ndiye anayechagua nani katika wanne ajibu. Aliyeishi na mradi wake atajua kwa nini bomba lilipimwa siku 3. Asiyeujua atamtazama mwenzake.

Muhula ukipoteza wiki 2, pa kupunguza ni mawasilisho na kipindi cha kukusanya data, wala si wiki ya 3 na ya 4. Data ikusanywe kwa wiki moja, na mawasilisho yawe ya mabango ukutani: makundi 5 yasimame kwa pamoja kwenye mabango yao kwa kipindi kimoja, mengine 5 yakizunguka na kuuliza, kisha kipindi kinachofuata wabadilishane. Vipindi 4 vinakuwa 2. Kinachopotea ni nafasi ya mwalimu kulisikia kila kundi tangu mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo alama nyingi zihamie kwenye ripoti na daftari.