Unaamka na sukari juu: usiongeze insulini ya usiku kabla ya kuipima

Swali: Niko Lamu, najidunga insulini ya glajini, ile ya kufanya kazi siku nzima, yuniti 20 kila saa tatu usiku, na insulini ya chakula yuniti 1 kwa gramu 12 za wanga. Kila siku naamka na sukari ya 11 au 12 mmol/L. Niongeze glajini?

Bado, dada. Nambari ya asubuhi imebeba vitu viwili: glajini, na kile ulichokula jana usiku. Ukila wali wa nazi saa mbili, insulini ya chakula huisha nguvu baada ya saa nne hivi, ilhali tui linachelewesha wanga kutoka tumboni na sukari inapanda wewe umelala. Glajini inalaumiwa kwa kosa la wali.

Vitenganishe kwa kufunga usiku mmoja. Kula mapema, saa kumi na mbili jioni, chakula kisicho na mafuta ambacho wanga wake unaujua, kama samaki wa kuchemsha na ugali uliopimwa kwenye mizani. Jidunge insulini ya chakula, na baada ya hapo ni maji tu hadi asubuhi. Saa nne usiku anza kupima, ukiwa kati ya 6 na 10. Pima tena saa sita, saa nane, saa kumi, na saa kumi na mbili alfajiri. Usijidunge insulini ya kurekebisha katikati, kwani itaficha unachokitafuta.

Glajini inayotosha haitaisogeza sukari zaidi ya 1.7 juu au chini kutoka ulipoanzia. Ukifika chini ya 4, jaribio limekwisha: kunywa gramu 15 za glukosi. Ukipita 14, acha, pima ketoni na urekebishe. Na usijaribu ukiwa na homa, baada ya siku ya kazi nzito, au kama sukari ilishuka sana ndani ya saa 24 zilizopita, maana homa huipandisha sukari, na baada ya hayo mengine mawili mwili unameza sukari kuliko kawaida.

Swali: Nimefanya. Saa nne 8.4, saa sita 7.6, saa nane 6.5, saa kumi 5.6, asubuhi 5.1. Sielewi, mbona sikuamka na 11?

Kwa sababu usiku huu hakukuwa na tui. Umeshuka 3.3, karibu mara mbili ya kiwango kinachokubalika. Glajini yako imezidi, wala haijapungua, na wali wa usiku ndio uliokuwa ukiizuia isikuangushe. Fikiria ungeiongeza hadi 22, kisha usiku mmoja ukalala bila kula vizuri.

Rudia usiku mwingine uone kama mwendo ni uleule, kisha zungumza na kliniki yako kuhusu kupunguza asilimia 10, yaani hadi yuniti 18. Subiri siku tatu kabla ya kupima upya, kwani glajini huchukua muda kutulia.

Swali: Nimeshuka hadi 18. Sasa usiku naanza na 7.9 naamka na 7.0. Je, 1 kwa 12 ni sawa?

Kwanza ruka chai asubuhi moja, upime kila saa mbili hadi saa sita mchana, uhakikishe sukari imetulia na saa hizo pia. Ndipo ujaribu uwiano. Mahamri hayafai, yana mafuta. Tumia boflo tupu lenye gramu 48 za wanga na chai ya rangi bila sukari. Kwa uwiano wako ni yuniti 4. Tuseme umeanza na 6.6. Usile tena kwa saa nne, ukiwa macho kwa kushuka.

Baada ya saa nne unatakiwa kuwa karibu na 6.6. Ukikuta 9.9 mara mbili tatu, insulini ni kidogo: jaribu 1 kwa 10, ambayo kwa boflo lilelile ni takriban yuniti 5. Ukikuta 4.5, uwiano umekaza mno, ulegeze hadi 1 kwa 14. Saa ya pili sukari kupanda ni kawaida, usiihukumu. Uwiano wa asubuhi mara nyingi huwa tofauti na wa usiku, kwa hiyo kila mlo na jaribio lake.

Swali: Ndugu yangu ana pampu. Anapima vivyo hivyo?

Ndiyo, ila yeye anaweza kugusa saa moja tu. Akiona sukari inapanda kuanzia saa kumi alfajiri, aongeze mtiririko wa insulini tangu saa nane, kwa asilimia 10, kwa kuwa insulini ya pampu nayo huchelewa kufanya kazi. Wewe wa glajini ukibadilisha, umebadilisha siku nzima.

Na jambo moja la joto letu: insulini iliyokaa juani kwenye boti inaweza kuonekana safi kabisa na imeshaharibika. Sukari ikipanda ghafla kila saa, usiku na mchana, fungua kalamu mpya kabla ya kugusa vipimo vyako.