Nukta moja ya Kiurdu

“Kompyuta imesoma picha za kurasa za kitabu cha zamani cha Kiurdu na kuzigeuza maandishi, na kikagua tahajia hakikuonyesha kosa hata moja. Si kitabu kiko tayari?”

Bado. Vitabu vya zamani vya Kiurdu vilichapwa kwa mawe kutoka mwandiko wa nastaliki, na nukta hufifia au huhama. Tazama خدا, khuda, yaani Mungu: nukta iko juu ya herufi ya kwanza. Kompyuta ikiisoma chini, unapata جدا, juda, yaani “aliyetengana”. Yote mawili ni maneno halali, kwa hiyo kikagua hunyamaza. Kosa hili linaniuma kuliko yote, maana msomaji hatalishuku.

Tafuta kila جدا na kila خدا katika maandishi, kisha fungua picha ya ukurasa uitazame nukta yenyewe. Picha ikiwa na doa, linganisha na nakala nyingine, usikisie.