Kubadilisha lenzi ya jicho baada ya miaka 50: dhana potofu na ukweli

Upasuaji wa kubadilisha lenzi ya jicho ni ule ule anaofanyiwa mtu mwenye mtoto wa jicho, ila hapa lenzi inayotolewa bado ni safi na haijaingia ukungu. Anayeutafuta ni mtu aliyevuka miaka 50, ambaye macho yake ni mazima lakini amechoshwa na miwani ya kusomea. Kwa baadhi ya watu hawa upasuaji huleta faida kubwa, na kwa wengine huwaondolea kitu walichokuwa nacho bila kukitambua. Dhana potofu zilizozoeleka juu yake nyingi hutokana na kutofahamu tofauti hiyo.

Dhana: Ukibadilishiwa lenzi, macho hurudi kuwa kama ya ujana.

Lenzi ya kijana ni laini. Anapotazama kitu cha karibu, msuli mdogo ndani ya jicho hujikaza, lenzi hutuna, na maandishi huonekana wazi, na anapoinua macho kutazama mbali, msuli hulegea na lenzi hunyooka papo hapo. Kadiri miaka inavyokwenda lenzi hukakamaa, ndiyo maana kuanzia miaka ya arobaini na kitu mtu huanza kusogeza gazeti mbali na uso, na afikapo miaka 55 hivi uwezo huo huwa umekwisha karibu wote.

Lenzi bandia zinazotumika sana leo hazitunituni. Zimetengenezwa kwa plastiki maalumu na hukaa vile vile zilivyowekwa, kwa hiyo hazirudishi kazi ile ya ujana, bali huizunguka kwa mbinu nyingine. Njia ya kwanza ni lenzi ya umbali mmoja, ambayo humpa mtu uoni mzuri wa mbali na kumwacha na miwani ya kusomea. Ya pili ni kuweka lenzi ya umbali mmoja katika kila jicho, lakini jicho moja likapangwa kwa ajili ya mbali na jingine kwa ajili ya karibu kidogo. Ya tatu ni lenzi ya trifokali, yenye mistari myembamba ya duara inayogawa mwanga uende sehemu tatu: mbali, umbali wa kompyuta wa sentimita 60 hadi 80, na umbali wa kusoma wa sentimita 40 hivi. Kati ya lenzi ya umbali mmoja na trifokali kuna lenzi za kurefusha upeo, ambazo huwa nzuri kwa mbali na kwa kompyuta, lakini kwa maandishi madogo bado mtu huhitaji miwani hafifu.

Dhana: Ni kazi ya leza tu, hakuna kisu.

Wengi huchanganya upasuaji huu na ule wa leza wa kurekebisha konea, yaani kioo cha mbele cha jicho. Leza ile hubadilisha umbo la konea na haiigusi lenzi, kwa hiyo haiondoi chanzo cha tatizo la kusoma. Katika kubadilisha lenzi, daktari hutia matone ya ganzi, hufungua tundu la milimita mbili na kitu pembeni mwa konea, huchana duara la milimita 5 hivi kwenye utando wa mbele wa kifuko kinachoshika lenzi, kisha huivunja lenzi kwa mawimbi ya sauti na kuivuta nje. Lenzi bandia huingizwa ikiwa imekunjwa, nayo hukunjuka ndani ya kifuko hicho hicho. Jicho moja huchukua kama dakika 15 au 20, na kwa kawaida jicho la pili hufanywa siku nyingine. Hata pale ambapo leza hutumika kusaidia hatua za mwanzo, lenzi yenyewe hutolewa kwa kuingia ndani ya jicho. Ni upasuaji kamili, wenye hatari za upasuaji.

Dhana: Kila aliyevuka miaka 50 na kuvaa miwani atafaidika sawasawa.

Hapa ndipo ninapowasihi wasomaji watulie, kwa sababu jibu limo ndani ya miwani waliyonayo tayari. Tuchukue mfano wa watu wawili, wote wenye miaka 57 na macho mazima.

Wa kwanza ni mwalimu ambaye macho yake ni mafupi kuliko kawaida. Nguvu ya miwani yake ya mbali, inayopimwa kwa dayopta, ni +2.50, na ya kusomea huongezewa +2.25, kwa hiyo jumla hufika +4.75. Mama huyu akivua miwani haoni vizuri ubaoni wala kwenye daftari, maana hana umbali hata mmoja ambao macho yake yanaufikia yenyewe. Akiwekewa lenzi zilizokokotolewa vizuri, atapata uoni wa mbali ambao hajawahi kuwa nao bila miwani kwa miaka mingi, na akichagua trifokali atasoma pia. Kwa jicho fupi kama lake kuna faida nyingine: lenzi ya asili huendelea kunenepa kadiri umri unavyosonga, na ndani ya jicho dogo huweza kubana njia ya kutolea maji na kupandisha presha ya jicho. Lenzi bandia ni nyembamba zaidi, hivyo nafasi hufunguka.

Wa pili ni mhasibu mwenye dayopta -2.50. Kwa mbali bila miwani haoni vizuri, lakini jicho lenye kipimo hicho huona barabara kwenye umbali wa sentimita 40, yaani pale pale mtu anaposhikia kitabu. Yeye husoma kwa kuvua miwani, na amezoea hivyo kiasi kwamba haihesabu kuwa ni faida. Akiwekewa lenzi ya umbali mmoja iliyopangwa kwa mbali, ataendesha gari bila miwani, lakini jioni ya kwanza akifungua simu atakuta herufi zimepotea, na kwa mara ya kwanza maishani atanunua miwani ya kusomea. Akiwekewa trifokali atasoma, ila si kwa ukali na wangavu ule aliokuwa nao bure. Kwa mtu wa namna hii ushauri wangu ni asikimbilie, na kama ni lazima, azungumze na daktari juu ya kuacha jicho moja likiwa na ukaribu wake.

Wapo pia wasiofaa kwa trifokali kwa sababu ya afya ya jicho. Mwenye presha ya jicho, mwenye kisukari kilichoathiri retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, au mwenye ugonjwa katikati ya retina tayari amepungukiwa na uwezo wa kutofautisha rangi za kijivu zinazokaribiana, na trifokali humpunguzia zaidi. Kwa kuwa presha ya jicho huwapata zaidi watu wenye asili ya Kiafrika, na mara nyingi huja bila maumivu yoyote, uchunguzi wa mshipa wa fahamu wa jicho na wa retina usirukwe hata kama mgonjwa anasema anaona vizuri.

Dhana: Lenzi ya bei ya juu ndiyo bora kwa kila mtu.

Mwanga unaoingia kwenye trifokali hugawanywa. Takriban nusu huenda mbali, iliyobaki hugawiwa umbali wa kati na wa karibu, na sehemu ndogo hupotea. Mtu anapotazama mbali, mwanga uliokusudiwa kwa karibu huwa bado umo ndani ya jicho, na usiku huonekana kama duara za mwangaza zinazoizunguka kila taa. Dereva wa usiku katika barabara ya Dar es Salaam hadi Morogoro, ambako malori huja yakiwa na taa kali usoni, atazihisi duara hizo kuliko mtu anayelala mapema. Kwa walio wengi ubongo huzizoea ndani ya miezi mitatu hadi sita, lakini haziondoki kabisa kwa kila mtu. Vilevile, kwenye chumba chenye mwanga hafifu, kusoma huwa kugumu na taa ya mezani huhitajika.

Anayeishi kwa kuendesha gari usiku hufaa zaidi lenzi ya umbali mmoja, au njia ya jicho la mbali na jicho la karibu. Njia hii ya mwisho ina uzuri mmoja mkubwa: inaweza kujaribiwa kabla ya upasuaji. Mgonjwa huvaa lenzi za kubandika kwa siku kadhaa, jicho moja likiwa limepangwa kwa mbali na jingine likiachwa na dayopta -1.25 au -1.50, kisha anapika, anasoma, anashuka ngazi, na kuamua mwenyewe.

Dhana: Isipokufaa, utabadilishiwa.

Kuitoa lenzi bandia kunawezekana, lakini kifuko huishikilia kadiri wakati unavyopita, na upasuaji wa pili una hatari zaidi ya ule wa kwanza. Jambo linalosahaulika ni utando wa nyuma wa kifuko. Miezi au miaka baada ya upasuaji utando huo huweza kuingia ukungu, na daktari huufungua kwa leza kwa dakika chache, bila maumivu. Tiba hiyo ni nzuri, ila baada yake kubadilisha lenzi huwa kazi ngumu sana, kwa sababu kifuko tayari kina tundu. Kwa hiyo mtu ambaye hakuridhika tangu wiki ya kwanza, wakati utando ulikuwa bado safi, asikubali kupigwa leza haraka kabla ya kuamuliwa kama lenzi yenyewe ndiyo tatizo. Ambaye aliona vizuri kwa mwaka mzima, kisha uoni ukafifia taratibu, huyo ndiye leza itamsaidia.

Dhana: Hatari ni ndogo mno, haina haja ya kuizungumzia.

Ni kweli kwamba ni ndogo. Maambukizi ndani ya jicho hutokea kwa nadra sana, ila yanaweza kulipofusha, na dalili zake kwa kawaida hujitokeza siku chache baada ya upasuaji: maumivu yanayoongezeka, wekundu, na uoni unaoshuka badala ya kupanda. Kuachana kwa retina kunawahusu zaidi wenye macho marefu, yaani wenye namba kubwa za kutoa, hasa wanaume na wale wenye umri mdogo. Dalili zake ni cheche za mwanga, madoadoa meusi mengi ya ghafla, au kivuli kinachoshuka kama pazia. Mwenye dalili yoyote kati ya hizi aende kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo, asingoje tarehe ya kliniki.

Kosa la kawaida zaidi ni la vipimo. Kosa la milimita moja katika kupima urefu wa jicho huleta tofauti ya takriban dayopta 2.5 hadi 3, na mtu huamka akiwa bado anahitaji miwani. Ndiyo maana anayevaa lenzi za kubandika huambiwa aziache kwa wiki moja au zaidi kabla ya kupimwa, kwani hubadilisha umbo la konea, na mwenye macho makavu hutibiwa kwanza, maana machozi yasiyotulia huvuruga kipimo. Mgonjwa anayeambiwa apimwe leo na kufanyiwa upasuaji kesho, huku macho yakimwasha na lenzi za kubandika amezivua asubuhi hiyo, ana haki ya kuomba vipimo virudiwe baada ya wiki kadhaa, kisha majibu ya siku hizo mbili yalinganishwe mbele yake.